Kusitisha mkataba kwa Kifaransa: barua pepe moja, tarehe moja, jibu moja

Mwenye ofisi ndogo huko Lyon, mzaliwa wa Bukavu, ana mkataba na kampuni ya usafi. Wafanyakazi wa kampuni hiyo huja mara tatu kwa wiki, wakafuta meza, wakapiga deki na kumwaga takataka. Amepata kampuni nyingine yenye bei nafuu, naye anataka kuachana na ya kwanza bila ugomvi. Kiswahili anakizungumza nyumbani, Kifaransa anakitumia kazini. Anadhani shughuli itaisha kwa mistari miwili ya barua pepe.

Huenda ikaisha hivyo kweli. Ila nchini Ufaransa mistari hiyo miwili inaweza pia kumgharimu mwaka mzima wa malipo, ikiwa itakosea tarehe au ikisomwa kama ombi. Mfano huu nimeutunga, lakini kila kipande chake ni cha kawaida katika mikataba ya huko, kwa hiyo tuufuate kuanzia mwanzo.

Kazi inaanza kwenye mkataba wenyewe, kabla ya kufungua barua pepe. Anayeusoma atafute kifungu kinachoitwa « Durée » au « Résiliation ». Katika mfano wetu ni kifungu cha 8, na kinasema hivi:

```
Le contrat prend effet le 1er mars 2025 pour une durée d'un an.
Il est renouvelable par tacite reconduction par périodes d'un an,
sauf dénonciation par lettre recommandée avec avis de réception,
trois mois au moins avant l'échéance.
```

Maana yake ni kwamba mkataba ni wa mwaka mmoja tangu tarehe 1 Machi 2025. Mwaka ukiisha na pande zote mbili zikanyamaza, unajiendeleza wenyewe kwa mwaka mwingine. Asiyetaka uendelee lazima atoe taarifa miezi mitatu au zaidi kabla ya siku ya mwisho, tena kwa barua ya rejista yenye karatasi ya kupokelea.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu wanadhani miezi mitatu inahesabiwa kwenda mbele. Mtu anaandika mwezi wa Januari, anasema moyoni, "Nitalipa Februari, Machi na Aprili, kisha basi." Hesabu hiyo ni sahihi kwa mkataba wa aina nyingine, ule usio na siku ya mwisho. Mkataba wa namna hiyo, kwa mujibu wa kifungu cha 1211 cha sheria ya madai ya Ufaransa, yaani Code civil, unaweza kusitishwa na upande wowote wakati wowote, mradi muda wa notisi uliokubaliwa uheshimiwe. Kama hakuna muda uliokubaliwa, basi notisi iwe ya muda wa kuridhisha. Huko kweli unahesabu kwenda mbele, kwa kawaida tangu siku mwenzako alipopokea taarifa.

Lakini mkataba wetu una siku ya mwisho. Kifungu cha 1212 cha sheria hiyo hiyo kinasema kwamba mkataba wa muda maalumu unatekelezwa mpaka muda wake uishe, na pia kwamba hakuna anayeweza kumlazimisha mwenzake kuuhuisha. Hiyo ndiyo haki ya mteja wetu: kukataa mwaka wa pili. Miezi mitatu basi inahesabiwa kwenda nyuma kutoka siku ya mwisho. Mwaka ulioanza tarehe 1 Machi 2025 unaisha tarehe 28 Februari 2026. Rudi nyuma miezi mitatu, unafika tarehe 28 Novemba 2025, siku ya Ijumaa. Taarifa ikifika tarehe 5 Desemba, imechelewa, na kampuni ya usafi ina haki ya kusema kwamba mkataba umeshajiendeleza hadi Februari 2027.

Mambo mawili madogo huharibu hesabu hii. La kwanza ni kuchanganya siku ya kutia saini na siku ya kuanza. Mkataba wetu huenda ulisainiwa tarehe 10 Februari, lakini tarehe inayohesabiwa ni ile iliyoandikwa baada ya « prend effet ». La pili ni kukaa mpaka siku ya mwisho. Kifungu hakisemi kama taarifa inatakiwa iwe imetumwa au iwe imepokelewa kabla ya hiyo siku, na palipo na mashaka, mwenye busara huhesabu kwa kupokelewa. Isitoshe Novemba ya Ufaransa ina sikukuu mbili, tarehe 1 na tarehe 11. Mteja wetu, akitaka kulala usingizi, ataandika Jumatatu tarehe 3 Novemba.

Niseme neno hapa kwa msomaji ambaye hana ofisi, ana nyumba tu. Mteja wa kawaida nchini Ufaransa ana kinga ambazo mfanyabiashara hana. Tangu sheria ya Chatel ya mwaka 2005, kampuni inayompa mtu binafsi huduma kwa mkataba unaojiendeleza inawajibika kumkumbusha kwa maandishi, kati ya miezi mitatu na mwezi mmoja kabla ya siku yake ya mwisho ya kukataa. Isipomkumbusha, anaweza kuondoka wakati wowote bila gharama baada ya mkataba kujihuisha. Na tangu tarehe 1 Juni 2023, kampuni inayouza mikataba yake mtandaoni lazima iweke pia njia rahisi ya kuisitisha mtandaoni. Kwa mtu wa namna hiyo, njia hiyo ni bora kuliko barua pepe, maana sheria inailazimisha kampuni kuthibitisha imepokea taarifa na kumweleza tarehe ya mwisho. Mwenye ofisi wetu hana bahati hiyo. Uthibitisho lazima auombe mwenyewe.

Sasa tuandike. Barua pepe ya kusitisha mkataba kwa Kifaransa ni fupi na kavu, na ukavu wake ndio adabu yake. Hii hapa nzima:

```
Objet : Résiliation du contrat n° 2025-0147 – échéance du 28 février 2026

Madame, Monsieur,

Par la présente, je vous notifie la résiliation du contrat
d'entretien n° 2025-0147, ayant pris effet le 1er mars 2025.

Conformément à l'article 8, qui prévoit un préavis de trois mois
avant l'échéance, ce contrat prendra fin le 28 février 2026
et ne sera pas reconduit.

Je vous remercie de me confirmer par écrit, au plus tard
le 14 novembre 2025, la réception de ce courriel ainsi que
la date de fin du contrat.

Veuillez agréer, Madame, Monsieur, mes salutations distinguées.
```

Chini yake linakuja jina kamili, cheo, jina la kampuni na anwani, kama zilivyo kwenye mkataba.

Tazama kitenzi cha sentensi ya kwanza: « je vous notifie », nakujulisha rasmi. Mzungumzaji wa Kiswahili aliyelelewa vizuri angeanza na "naomba". Kwetu, "naomba kusitisha mkataba" ni heshima tu, na hakuna anayeielewa kama kuomba ruhusa. Akiipeleka heshima hiyo moja kwa moja kwenye Kifaransa ataandika « je voudrais résilier » au « je souhaiterais résilier », na kwa karani wa upande wa pili hiyo ni nia tu, ya mtu ambaye bado hajaamua. Karani ana haki ya kujibu kwa kumpigia simu, kumpa punguzo la bei, kumtumia fomu ya kujaza, na wakati huo Novemba inakwisha. Kukataa kuendelea na mkataba ni uamuzi wa upande mmoja. Hauhitaji kibali cha kampuni, kwa hiyo usiuandike kama unaotafuta kibali. Heshima ina mahali pake: kwenye « Madame, Monsieur » ya mwanzo, kwenye « vous » kote, na kwenye salamu ndefu ya mwisho. Sentensi ya uamuzi iache iwe ya uamuzi.

Sentensi ya pili ndiyo yenye uzito. Inataja kifungu, inataja urefu wa notisi, na inataja tarehe ya mwisho kwa siku, mwezi na mwaka. Wengi huandika « dans les meilleurs délais », yaani mapema iwezekanavyo, wakidhani wanaharakisha mambo. Wanachofanya ni kumwachia mwenzao achague tarehe. Wengine huandika « avec effet immédiat », kuanzia sasa hivi, na hapo wanajikuta wao ndio wanaokiuka mkataba, maana hawakuheshimu notisi, na kampuni inaweza kudai malipo ya miezi iliyobaki. Maneno « ne sera pas reconduit » yasiachwe pia. Yanasema wazi kwamba mkataba hautaendelezwa, na ndilo jambo lenyewe ambalo kifungu cha 8 kilitaka lisemwe.

Mtu asiye na uhakika na hesabu yake, pengine kwa sababu mkataba ni wa zamani na umeshajihuisha mara kadhaa, anaweza kuongeza baada ya tarehe maneno haya: « ou, à défaut, à la prochaine échéance contractuelle ». Yaani, ikiwa tarehe hiyo haiwezekani, basi mkataba uishe kwenye mwisho wake unaofuata. Ni mstari mmoja tu, lakini unazuia barua yote kutupwa kwa kosa la siku chache.

Utaona kwamba sababu haikutajwa. Ni makusudi. Anayekataa kuhuisha mkataba kwa wakati hadaiwi sababu. Akianza kueleza kwamba vyoo havikusafishwa vizuri na mfanyakazi alichelewa, anafungua mlango wa kesi ya aina nyingine kabisa, ile ya kosa katika utekelezaji, ambayo ina utaratibu wake wa onyo la maandishi na ushahidi. Kampuni itajibu malalamiko badala ya kujibu tarehe. Kama malalamiko yapo na ni ya kweli, yaandikiwe barua yake siku nyingine.

Kuhusu kutuma. Barua itoke kwenye anwani ambayo kampuni inaijua, ile iliyo kwenye mkataba au inayopokea ankara, na iandikwe na mwenye mamlaka ya kusaini. Iende kwenye anwani iliyotajwa na mkataba kwa ajili ya taarifa, na nakala kwa mtu unayewasiliana naye kila siku. Usijibu ujumbe wa ankara unaotoka kwenye anwani ya mashine iliyoandikwa « ne pas répondre », maana hakuna anayeisoma. Wala usitegemee alama ya "imesomwa" ambayo programu ya barua pepe inaweza kuiomba, kwa kuwa mpokeaji anaweza kuizuia.

Lakini mkataba ulisema barua ya rejista, si barua pepe. Je, ujumbe huu una nguvu? Kifungu cha 1366 cha Code civil kinaipa maandishi ya kielektroniki nguvu ile ile ya ushahidi iliyo nayo karatasi, mradi aliyeandika aweze kutambulika na maandishi yawe yametunzwa bila kuguswa. Na mahakama za Ufaransa kwa kawaida huchukulia kwamba barua ya rejista inatakiwa ili kuthibitisha tarehe na kupokelewa, isipokuwa mkataba useme waziwazi kwamba bila hiyo taarifa ni batili. Kwa maneno mengine, swali ambalo barua ya rejista ingejibu ni hili: je, walipokea, na lini? Kampuni yenyewe ikijibu kwa maandishi kwamba imepokea na kwamba mkataba unaisha tarehe 28 Februari 2026, swali hilo limejibiwa na yule yule ambaye angelibisha. Ndiyo maana sentensi ya tatu, ile inayoomba uthibitisho, si ya kujazia. Bila jibu lake, barua pepe ni neno la mtu mmoja.

Na jibu lisomwe kwa makini. Siku mbili tatu baadaye mteja wetu anaweza kupokea hili: « Nous avons bien reçu votre demande, qui sera traitée prochainement. » Anafurahi, anaiweka kando. Asiiweke. Sentensi hiyo inakiri jambo moja tu, kwamba ujumbe ulifika. Inauita ombi, inasema litashughulikiwa, na haina tarehe. Anachokitafuta ni sentensi yenye tarehe ndani yake, kama « Nous vous confirmons la fin du contrat au 28 février 2026 ». Kama haipo, ajibu siku hiyo hiyo, chini ya ujumbe ule ule ili mfululizo usikatike:

```
Je vous remercie de votre réponse. Merci de bien vouloir me confirmer
expressément que le contrat n° 2025-0147 prend fin le 28 février 2026.
```

Simu pia huja. Mtu wa mauzo anapiga, ni mchangamfu, anasema, "Hakuna shida, nimeshaliandika kwenye faili." Njia nzuri ni kumshukuru, kisha baada ya kukata simu kumwandikia kwamba kufuatia mazungumzo ya leo unasubiri uthibitisho wake wa maandishi.

Tarehe 14 Novemba ikifika kimya, zimebaki wiki mbili, na hapo ndipo faida ya kuandika mapema inapoonekana. Siku hiyo hiyo mteja wetu anatuma barua ya rejista yenye maneno yale yale, akiongeza kwamba inathibitisha ujumbe wa tarehe 3 Novemba. Asiyetaka kupanga foleni posta anaweza kutumia barua ya rejista ya kielektroniki. Hii si barua pepe ya kawaida. Hupita kwa mtoa huduma anayehakiki utambulisho wa mtumaji na kuweka muhuri wa tarehe na saa, na kisheria ina hadhi sawa na ile ya karatasi. Anayeandikiwa akiwa mtu binafsi lazima awe amekubali kwanza kupokea barua za namna hiyo, lakini akiwa kampuni ridhaa hiyo haihitajiki. Kama kifungu kingekuwa na maneno « à peine de nullité », yaani vinginevyo ni batili, mteja wetu asingesubiri hata siku moja: angetuma ya rejista tangu tarehe 3.

Kosa jingine la kawaida ni kukimbilia benki. Mtu anaandika barua, kisha kesho yake anafuta idhini ya makato ya moja kwa moja. Kufuta makato hakusitishi mkataba. Huduma inaendelea mpaka Februari, ankara zinaendelea kuja, na asiyelipa anakuwa mdaiwa aliyekabidhi sababu ya kusumbuliwa na wakusanya madeni. Makato yafutwe baada ya ankara ya mwisho kulipwa.

Katika biashara ya usafi kuna jambo zaidi ambalo mteja wa nje halioni. Makubaliano ya pamoja ya sekta hiyo nchini Ufaransa yanataka, kwa masharti fulani, kwamba kampuni mpya inapochukua jengo iwachukue pia wafanyakazi waliokuwa wakilisafisha. Tarehe iliyoandikwa kwenye barua ya mteja wetu ndiyo tarehe ambayo mama anayekuja saa kumi na moja alfajiri na ndoo yake atabadilisha mwajiri. Tarehe ikiwa na utata, kampuni mbili zinaweza kutupiana mfanyakazi huyo, kila moja ikisema si wake. Mimi naona hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuiandika tarehe kwa ukamilifu, na kuwajulisha pande zote mbili mapema.

Wasomaji wa Lubumbashi, Goma na Bukavu wanaijua hali hii kwa upande mwingine: mazungumzo ya biashara ni Kiswahili, karatasi ni Kifaransa. Muundo wa barua niliouonyesha unawafaa. Kilichomo ndani kibadilike. Nakala nyingi za barua za kusitisha mkataba zinazozunguka zimeandikwa Ufaransa, na zina mistari inayotaja vifungu vya huko. Mtu wa Goma akiandika « conformément à l'article L215-1 du Code de la consommation » anataja sheria ambayo haimhusu, na anayeisoma ataona mara moja kwamba barua imenakiliwa. Congo ina amri yake ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo kifungu chake cha 33 kinaufanya mkataba halali kuwa sheria kwa waliouweka. Kwa hiyo huko kifungu cha kutaja ni kile cha mkataba wenyewe, namba yake na muda wake wa notisi, basi.

Turudi Lyon mwishoni mwa Februari. Kampuni ya usafi ina funguo za ofisi na namba ya siri ya kengele ya wezi. Funguo zirudishwe kwa kuandikiana, siku na idadi, na namba ibadilishwe jioni hiyo. Ankara ya mwisho iangaliwe kama inaishia tarehe 28. Kisha mfululizo mzima, yaani mkataba, ujumbe wa tarehe 3 Novemba na jibu lake, utunzwe kama faili halisi za barua pepe pamoja na vichwa vyake, si picha ya skrini ya simu, na mahali ambapo hapatafungwa mfanyakazi mmoja akiacha kazi. Madai ya kibiashara nchini Ufaransa kwa kawaida huwa na ukomo wa miaka 5. Faili hiyo ikae angalau kwa muda huo.